Swali la mzunguko wa Rankine na mwongozo wake wa usahihishaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila baada ya mtihani wa themodinamiki wa mwaka wa pili, wanafunzi wa uhandisi mitambo wananijia na maswali yaleyale kuhusu swali la mtambo wa mvuke. Wengi wao hawaulizi jibu ni lipi. Wanauliza kwa nini jirani yao aliyepata jibu tofauti kabisa amepata alama 24, na wao waliopata 30.0% sawasawa na mwongozo wamepata 19. Hapa chini nimeweka swali lenyewe, hesabu yake na jinsi alama zinavyogawiwa, kisha nimejibu yanayoulizwa zaidi.

Swali lenyewe linasemaje?

Ni swali moja kati ya manne ya mtihani wa saa tatu, lina alama 25, kwa hiyo mtahiniwa ana dakika 45. Majedwali ya mvuke yanatolewa chumbani.

Mtambo wa mvuke unafanya kazi kwa mzunguko wa Rankine. Mvuke unaingia kwenye turbini ukiwa na presha ya 4 MPa na halijoto ya 400 °C. Presha ndani ya kondensa ni 10 kPa, na maji yanatoka kwenye kondensa yakiwa katika hali ya shibe, yaani yako kwenye halijoto ya kuchemka kwa presha hiyo na hayana mvuke ndani yake. Ufanisi wa isentropi wa turbini ni 85% na wa pampu ni 80%. Puuza upungufu wa presha ndani ya boila, kondensa na mabomba. Mtambo unatoa 20 MW baada ya kuondoa kazi inayotumiwa na pampu.

(a) Chora mzunguko huu kwenye mchoro wa halijoto na entropi. (alama 4)
(b) Tafuta enthalpi na kiwango cha ukavu wa mvuke unapotoka kwenye turbini. (alama 8)
(c) Tafuta kazi ya pampu na ufanisi wa joto wa mzunguko. (alama 6)
(d) Tafuta kilo za mvuke zinazohitajika kwa sekunde, na kilo za maji ya kupozea yanayopita kwenye kondensa kwa sekunde iwapo halijoto yake inapanda kwa 10 °C. (alama 4)
(e) Mhandisi anapendekeza presha ya boila ipandishwe hadi 8 MPa huku halijoto ikibaki 400 °C. Bila kukokotoa, eleza faida moja na hatari moja ya pendekezo hilo, na njia ya kuiondoa hatari hiyo. (alama 3)

Hesabu kamili inaendaje?

Tunaita mlango wa turbini hali ya 1, kutoka kwa turbini hali ya 2, kutoka kwa kondensa hali ya 3, na kuingia kwenye boila hali ya 4. Alama ya 2s ni hali ambayo mvuke ungefikia kama turbini ingekuwa kamilifu, isiyoongeza entropi hata kidogo. Herufi h ni enthalpi, s ni entropi na x ni kiwango cha ukavu; f ni maji ya shibe, g ni mvuke wa shibe, na fg ni tofauti kati ya hivyo viwili.

Jambo la kwanza ni kujua ufungue jedwali gani. Kwa 4 MPa maji yanachemka kwenye 250.4 °C. Mvuke wetu uko 400 °C, kwa hiyo umepashwa zaidi ya shibe na thamani zake zinatoka kwenye jedwali la mvuke wa namna hiyo: h1 = 3214 kJ/kg na s1 = 6.769 kJ/kg K. Kwa 10 kPa tunasoma jedwali la shibe: hf = 191.8, hfg = 2392.8, sf = 0.649, sfg = 7.501, na ujazo wa kilo moja ya maji ni 0.00101 m³.

Turbini kamilifu haibadilishi entropi, kwa hiyo s2s ni sawa na s1:

```
x2s = (6.769 - 0.649) / 7.501 = 0.816
h2s = 191.8 + 0.816 x 2392.8 = 2144.3 kJ/kg
kazi ya turbini kamilifu = 3214 - 2144.3 = 1069.7 kJ/kg
kazi ya turbini yetu = 0.85 x 1069.7 = 909.2 kJ/kg
h2 = 3214 - 909.2 = 2304.8 kJ/kg
x2 = (2304.8 - 191.8) / 2392.8 = 0.883
```

Kisha pampu na ufanisi:

```
kazi ya pampu kamilifu = 0.00101 x (4000 - 10) = 4.03 kJ/kg
kazi ya pampu yetu = 4.03 / 0.80 = 5.0 kJ/kg
h4 = 191.8 + 5.0 = 196.8 kJ/kg
joto linaloingia = 3214 - 196.8 = 3017.2 kJ/kg
kazi inayobaki = 909.2 - 5.0 = 904.2 kJ/kg
ufanisi = 904.2 / 3017.2 = 30.0%
```

Kwa sehemu ya (d), 20 000 kW ukigawa kwa 904.2 unapata kilo 22.12 za mvuke kwa sekunde. Kila kilo inatupa 2304.8 − 191.8 = 2113.0 kJ kwenye kondensa, yaani 46 740 kW kwa jumla. Kilo moja ya maji ya kupozea inapopanda kwa 10 °C inabeba 41.8 kJ, kwa hiyo tunahitaji kilo 1118 za maji hayo kwa sekunde. Namba hiyo huwashtua wengi, wanadhani wamekosea. Hawajakosea. Maji ya kupozea ni karibu mara hamsini ya mvuke, na ndiyo maana mitambo mingi ya aina hii hujengwa kando ya mto, ziwa au bahari.

Alama zinagawiwa vipi?

Kuna alama za njia na alama za jibu. Alama ya njia inatolewa kwa kuandika uhusiano sahihi na kuutumia mahali pake, hata kama namba zilizoingizwa humo zimetoka kwenye kosa la nyuma. Alama ya jibu inatolewa kwa namba iliyofuata kihalali kutoka kwenye kazi ya mtahiniwa mwenyewe.

Katika (b), kwa mfano, alama nane zimekaa hivi: moja kwa kusoma h1 na s1 kwenye jedwali sahihi, moja kwa kuandika kwamba s2s ni sawa na s1, moja kwa kanuni ya ukavu, moja kwa 0.816, moja kwa h2s, moja kwa kutumia ufanisi wa turbini upande ulio sahihi, moja kwa 2304.8, na moja kwa 0.883. Katika (c) kuna moja kwa ujazo mara tofauti ya presha, moja kwa kugawa kwa 0.80, moja kwa h4, moja kwa joto linaloingia, moja kwa kazi inayobaki, na moja kwa 30.0%. Sehemu ya (d) ina alama mbili za njia na mbili za majibu.

Nilikosea namba ya kwanza kabisa. Je, nimepoteza swali zima?

Hapana, na hapa ndipo mwongozo mzuri unapotofautiana na orodha ya majibu. Nichukue kosa ninalolikuta kila mwaka. Mtahiniwa anapotafuta ukavu anagawa kwa sg, yaani 8.150, badala ya sfg ambayo ni 7.501. Kwenye majedwali mengi safu hizo mbili zinapakana, na jicho lililochoka huteleza.

Anapata x2s = 6.120 / 8.150 = 0.751. Kutoka hapo h2s yake ni 1988.8, kazi ya turbini kamilifu 1225.2, kazi ya turbini yake 1041.4, na h2 yake 2172.6. Ukavu wa mwisho unakuwa 0.828. Ufanisi unatoka 34.3%, mvuke kilo 19.30 kwa sekunde, maji ya kupozea kilo 915. Kuanzia 0.751 kwenda chini hakuna namba yake hata moja ya turbini, ufanisi au maji inayofanana na ya mwongozo.

Msahihishaji anayelinganisha majibu tu angemwachia alama chache za pampu na mchoro. Lakini tazama alichofanya. Aliandika s2s = s1. Aliandika kanuni sahihi, kisha akaingiza thamani ya safu ya jirani. Alitumia ufanisi wa turbini ipasavyo, akatoa kazi ya pampu, akagawa kwa joto linaloingia, akasawazisha nishati kwenye kondensa. Kosa ni moja, na adhabu ni moja: anapoteza alama ya 0.816. Kila namba inayofuata tunaikokotoa upya kwa thamani yake, na ikitoka sawa anapewa alama yake. Kama sehemu nyingine zote ziko sawa, anaondoka na 24 kati ya 25.

Kuna mpaka mmoja. Kama kanuni yenyewe ameiandika vibaya, yaani ameweka sg kwenye kanuni na siyo kwamba amesoma safu isiyo yake, anapoteza na ile alama ya njia, anabaki na 23. Ndiyo sababu nawasihi wanafunzi waandike kanuni kwa herufi kabla ya kuingiza namba. Asiyeandika kanuni ananilazimisha nikisie kama alikosea kusoma au hakujua, na mwongozo wetu hauniruhusu kukisia kwa faida yake.

Nilipata 30.0% kamili. Kwa nini nimekatwa alama?

Kwa sababu 30.0% inaweza kupatikana kwa njia mbovu, hasa upande wa pampu. Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayesoma mzunguko wa Rankine alijue.

Mwanafunzi mmoja anazidisha kazi ya pampu kwa 0.80 badala ya kugawa. Anapata 3.2 kJ/kg, maana yake pampu yake mbovu inatumia kazi ndogo kuliko pampu kamilifu, jambo lisilowezekana. Endelea na hesabu yake: h4 ni 195.0, joto linaloingia 3019.0, kazi inayobaki 906.0. Ufanisi ni 30.0%. Kosa limezama, halionekani tena kwenye jibu. Mwingine anaisahau pampu kabisa. Kazi yake inabaki 909.2, joto linaloingia 3022.2, na ufanisi ni 30.1%.

Pampu inasukuma maji, na maji hayabanwi kirahisi. Ujazo wa kilo moja ni lita moja na kidogo tu, kwa hiyo kazi ya kuyapandisha kutoka 10 kPa hadi 4 MPa ni kJ 5 dhidi ya 909 za turbini, hata haifiki sehemu moja ya mia. Hiyo ndiyo nguvu ya mzunguko wa mvuke, na ndiyo pia inayoficha makosa ya wanafunzi. Kwenye mzunguko wa turbini ya gesi kosa kama hilo kwenye kompresa lingeharibu jibu lote, maana kompresa inabana hewa na inakula sehemu kubwa ya kazi ya turbini.

Kwa hiyo aliyezidisha anapoteza alama ya njia ya pampu, hata kama jibu lake la mwisho limelingana na langu. Aliyeisahau pampu anapoteza alama tatu za mwanzo za (c) na ile ya kazi inayobaki, maana hakuna alichokitoa kwenye kazi ya turbini. Na anayeandika 30.0% peke yake bila hatua anapata alama moja kati ya sita.

Nawezaje kukumbuka wapi nizidishe na wapi nigawe?

Usikariri. Jiulize mashine iliyochakaa inakupa hasara upande gani. Turbini inatoa kazi, kwa hiyo turbini yenye kasoro inatoa pungufu: zidisha kwa 0.85. Pampu inakula kazi, kwa hiyo pampu yenye kasoro inakula zaidi: gawa kwa 0.80.

Ukigawa kwenye turbini utapata 1258.5 kJ/kg, kazi kubwa kuliko 1069.7 ya turbini kamilifu. Hapo karatasi yako mwenyewe inakuambia umepotea. h2 inashuka hadi 1955.5, chini ya h2s, na ufanisi unaruka hadi 41.5% ilhali mzunguko huu ungekuwa na 35.3% tu kama turbini na pampu zote zingekuwa kamilifu.

Mchoro unasahihishwa kwa ukali gani?

Sihitaji uzuri wala vipimo. Nahitaji kuona mambo manne. La kwanza ni kuba la shibe pamoja na mistari miwili ya presha, ambayo ndani ya kuba iko mlalo. La pili ni hali ya 1 kuwa nje ya kuba upande wa kulia, na hali ya 3 kukaa juu ya mstari wa kushoto wa kuba. La tatu ni hali ya 2 kuwa kulia kwa 2s kwenye mstari uleule wa 10 kPa. La nne ni 2 na 2s zote kuwa ndani ya kuba, na 4 kuwa juu kidogo ya 3.

Alama ya tatu ndiyo inayopotea sana. Wengi wanachora 2 ikiwa juu ya 2s, kwenye mstari wima, kana kwamba halijoto imepanda. Ndani ya kuba presha ikiwa ileile halijoto nayo ni ileile, takriban 45.8 °C. Kasoro ya turbini haipandishi halijoto hapo, inaukausha mvuke zaidi kidogo. Ndiyo maana ukavu umetoka 0.816 hadi 0.883. Mtu akinichorea vizuri sehemu hiyo, mara nyingi sehemu ya (b) anaiweza.

Nimetumia majedwali mengine, namba zangu zimetofautiana kidogo. Itakuwaje?

Hakuna tatizo. Matoleo ya majedwali hutofautiana kwenye tarakimu za mwisho, na lingine litakupa s1 ya 6.771. Ukavu unabaki 0.816. Mwongozo unakubali tofauti ya 1% kwenye majibu ya mwisho. Kitu kisichokubalika ni kukata tarakimu mapema. Aliyeandika x2s = 0.8 anapata h2s ya 2106, kazi ya turbini yake inakuwa 941.8, na ufanisi unatoka 31.0%. Hayo yako nje ya ile 1%, na yanagharimu alama ya jibu pale alipokata.

Vipimo vinakata alama ngapi?

Jibu la mwisho lisilo na kipimo linakatwa alama moja, mara moja tu kwa swali zima. Lakini kosa la kipimo ndani ya hesabu ni habari nyingine.

Mwaka mmoja nilisahihisha karatasi ya kijana aliyefanya (b) bila doa. Alipofika kwenye pampu aliweka presha kwa paskali: 0.00101 mara 3 990 000, akapata 4030. Hilo ni sahihi, ni juli kwa kilo. Kisha akagawa kwa 0.80 na kujumlisha na 191.8 kana kwamba ni kilojuli, akapata h4 ya 5229. Maji yanayoingia kwenye boila sasa yana nishati nyingi kuliko mvuke unaotoka. Joto linaloingia likatoka hasi. Niliona jinsi alivyofuta ile alama ya kutoa mara mbili, wino umekwaruza karatasi hadi ikatoboka, kisha akageuza mpangilio wa kutoa ili namba iwe chanya, akaendelea.

Kosa la kipimo lilimgharimu alama moja, ile ya h4. Kugeuza mpangilio kulimgharimu nyingine, kwa sababu hapo aliandika uhusiano ambao alijua si kweli. Kama angeandika pembeni, "h4 haiwezi kuzidi h1, nimekosea kwenye pampu lakini muda umeisha", angebaki na alama ya pili. Mwongozo wetu una mstari unaosema hivyo waziwazi: mtahiniwa anayelitambua jibu lisilowezekana na kusema kwa nini, anabaki na alama ya njia.

Nina dakika tatu zimebaki. Nikague nini?

Anza na usawa wa nishati, maana unagusa namba zote kwa mpigo. Joto linaloingia toa joto linalotupwa lazima liwe sawa na kazi inayobaki: 3017.2 − 2113.0 = 904.2. Likitofautiana, kuna hesabu imeteleza.

Usawa huo hata hivyo haugundui kila kitu. Yule aliyetumia sg naye anapata usawa: 3017.2 − 1980.8 = 1036.4. Kosa lake liko kwenye hali ya mvuke, na usawa wa nishati unaridhika na hali yoyote utakayoipa. Kwa makosa ya aina hiyo, rudi kwenye jedwali uweke kidole juu ya safu. Hakuna njia nyingine ya haraka.

Kisha tazama mpangilio wa namba. x2 iwe kubwa kuliko x2s. h4 iwe juu ya h3 kwa kJ chache tu kwa presha kama hizi. Ufanisi uwe chini ya ule wa Carnot kati ya 400 °C na 45.8 °C, ambao ni takriban 53%. Na ukikaribia hapo, shuku.

Sehemu ya (e) ina alama tatu tu. Nifupishe?

Fupisha, lakini taja sababu. Alama ya faida inataka usemi kwamba presha ikipanda, maji yanachemka kwenye halijoto ya juu zaidi, kwa hiyo wastani wa halijoto ambayo joto linaingilia unapanda na ufanisi unaongezeka. "Ufanisi unaongezeka" peke yake haitoshi.

Hatari ni unyevu mwishoni mwa turbini. Kwa 8 MPa na 400 °C entropi ya mvuke inashuka hadi 6.366, hali ya 1 inasogea kushoto kwenye mchoro, na mstari wa kushuka unaingia ndani zaidi ya kuba. Nikiikokotoa kwa ajili yenu, kwa ufanisi uleule wa turbini na pampu, ukavu unaanguka kutoka 0.883 hadi takriban 0.83, huku ufanisi ukipanda hadi takriban 32% tu. Waunda turbini kwa kawaida hawapendi unyevu uzidi asilimia 10 hadi 12, kwa sababu matone yanagonga mapanga ya hatua za mwisho na kuyala. Mtambo wetu wa awali tayari una unyevu wa karibu 12%. Uko ukingoni, na pendekezo la mhandisi linausukuma nje.

Njia ya kuondoa hatari ni kuutoa mvuke katikati ya turbini, kuurudisha kwenye boila upashwe tena, kisha kuuingiza kwenye sehemu ya presha ya chini. Anayejibu "apandishe halijoto ya mvuke" naye anapata alama, mradi aseme kwamba hilo linasogeza hali ya 1 kulia.

Kwa nini swali linasema "baada ya kuondoa kazi inayotumiwa na pampu"? Si maneno mengi?

Toleo la kwanza liliandika tu "mtambo unatoa 20 MW". Nusu ya darasa waligawa 20 000 kwa 909.2 wakapata kilo 22.00, nusu nyingine kwa 904.2 wakapata 22.12. Wote walikuwa na hoja. Tofauti ni nusu ya asilimia, na iliangukia ndani ya 1% tunayokubali kwenye jibu, lakini alama ya njia ilitugombanisha wasahihishaji kwa siku nzima hadi tukaitoa kwa pande zote mbili. Kosa lilikuwa letu sisi watunzi. Vivyo hivyo swali lilikuwa likisema "tafuta ufanisi" bila kusema wa nini, ilhali kuna ufanisi wa aina tatu ndani ya swali hili. Sasa linasema ufanisi wa joto wa mzunguko.

Kwa mhadhiri anayetunga swali lake: lifanye mwenyewe kwa kalamu, kisha mpe mwenzako alifanye bila kuona mwongozo. Pale mtakapotofautiana, rekebisheni maneno ya swali kabla ya kugusa mwongozo.

Nataka kukata rufaa. Nipeleke nini?

Peleka namba ya mstari ambapo unaamini alama haikutolewa, na uoneshe kwamba namba yako inafuata kutoka kwenye namba yako ya juu yake. "Jibu langu ni lilelile la rafiki yangu" haisaidii, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa kwenye pampu. Lakini ukisema, "kwenye (d) nilikatwa alama ya maji ya kupozea, ilhali 915 inatoka kwenye 19.30 yangu na 1980.8 yangu", msahihishaji atachukua kikokotoo, atazidisha, na kama ni kweli atakuandikia alama yako hapohapo.